Kafetieri ya Kiitalia: kwa nini kahawa yetu inatoka chungu ao na ladha ya chuma



Katika biro nyingi za koperative zetu kando ya ziwa Kivu, leo utaona kafetieri ndogo ya aluminiyumu, ile yenye pande nane na kiuno chembamba katikati. Mwitalia Alfonso Bialetti ndiye aliileta sokoni mwaka 1933, na tangu pale imeingia majikoni mwa watu wengi ulimwenguni. Kwetu inafika na mnunuzi, ao mgeni anaiacha kama zawadi. Memba anaitumia ili hata yeye aonje kahawa anayolima. Hilo ni jambo zuri. Lakini chombo hiki kinaweza kudanganya, na mara moja nimeona kikikaribia kumkosesha mkulima feza yake.

Ilikuwa katika koperative moja ya pwani ya ziwa. Komite ilikuwa imekaanga kahawa ya vilima vitatu ili kuonja mbele ya kupanga madaraja. Waliipika katika kafetieri. Zote tatu zilitoka chungu, lakini ya kilima kimoja, iliyopikwa ya mwisho, ilikuwa na ladha ya chuma, kama mtu amelamba msumari. Wakaanza kusema kwamba mama aliyeleta fungu lile alikuwa amekausha kahawa juu ya mabati. Mama alikataa. Alisema: "Mimi ninakaushaka ku meza, juu ya wavu, kila mutu anaona. Mabati nitoe wapi?" Fungu lake lilikuwa karibu kushushwa daraja la pili.

Waliniita. Kabla ya kusema lolote juu ya kahawa ya yule mama, niliomba kuona namna wanavyoipika.

Namna kafetieri inavyofanya kazi

Tufungue chombo chenyewe kwanza, kwa sababu kosa lote linaeleweka humo. Kafetieri ina sehemu tatu. Chini kuna chumba cha maji, na ubavuni mwake kuna vali ndogo, kama kifungo cha shaba. Katikati kuna kikombe chenye matundu, kinachobeba kahawa iliyosagwa. Kikombe hicho kina mrija mrefu unaoshuka ndani ya maji, karibu kufika chini. Juu kuna chumba kinachopokea kahawa iliyokwisha kupikwa. Kati ya juu na chini kuna kichungi cha chuma na duara ya mpira inayozuia mvuke usitoke pembeni.

Watu wengi wanafikiri kwamba maji yanachemka kiisha mvuke unapanda kupitia kahawa. Sivyo, ao tuseme haipaswi kuwa vile. Moto unapopasha chumba cha chini, hewa na mvuke vilivyo juu ya maji vinatanuka. Vinakosa njia, basi vinasukuma maji chini. Maji nayo yanapata njia moja tu, ule mrija. Yanapanda, yanapita ndani ya kahawa, yanatokea juu. Katika kazi nzuri, sehemu kubwa ya maji inapita ikiwa ya moto sana lakini kabla ya kuchemka kwa nguvu.

Maji yanapopungua, mdomo wa mrija unabaki wazi. Hapo sasa si maji tena yanayopanda, ni mvuke pamoja na matone ya mwisho. Ndio ule mlio unaousikia: krrr, krrr, kama mtu anakoroma. Mvuke huo ni wa moto kuliko maji yaliyotangulia, na unapita katika kahawa ambayo utamu wake umekwisha kutoka. Kinachobaki ndani ni uchungu, na mvuke unautoa wote. Kahawa iliyotoka muzuri mwanzoni inaharibiwa na sekunde thelathini za mwisho.

Ukishika jambo hili moja, mengine yote yatafuata: uchungu unatokana na joto lililozidi, ao na maji kukaa mno ndani ya kahawa, ao na yote mawili pamoja.

Moto wa mbabula

Katika ile biro, mama mlinzi wa jiko aliwasha mbabula kama anataka kupika maharagi. Makala ilikuwa nyekundu hadi juu, na kafetieri ilikaa katikati ya moto kabisa. Maji aliyatia baridi. Kahawa ilitoka kwa kishindo, ikaruka hadi kwenye kifuniko, na akaiacha hapo mpaka sauti ilipokwisha yenyewe. Aliniambia: "Ninangojaka inyamaze, Enjenieri, njo ninajua imeiva."

Hapo kulikuwa na makosa matatu ya moto. La kwanza, maji ya baridi: wakati yanapopata joto polepole, chuma chote kinapata joto pia, na kahawa iliyo kavu ndani ya kikombe inapata joto kwa muda mrefu mbele maji hayajaifikia. La pili, moto mkali: unasukuma maji kwa haraka na kuyafikisha kwenye mvuke upesi. La tatu, kungoja inyamaze: ndiko kupitisha mvuke wote ndani ya kahawa iliyochoka.

Fanya hivi. Chemsha maji pembeni katika sufuria ndogo, kiisha uyamimine katika chumba cha chini mpaka chini kidogo ya vali. Usifunike vali kwa maji. Weka kikombe cha kahawa, shika chumba cha chini na kitambaa kwa sababu sasa kina moto, na ufunge vizuri.

Kwa mbabula, ngoja makala ipate jivu jeupe juu yake. Itandaze iwe tabaka nyembamba, ya vipande vichache tu. Kama moto ungali mkali, weka kipande cha bati nene ao kigae bapa juu ya mbabula, na usimamishe kafetieri juu yake. Moto usizidi upana wa kitako cha kafetieri, la sivyo mkono wake wa plastiki utayeyuka.

Acha kifuniko wazi na uangalie. Kahawa ikianza kutoka inapaswa kutiririka bila kukatika, nyembamba kama mkia wa panya, rangi ya kahawia nzito. Kidogo kidogo rangi inakuwa kama asali. Inapofika rangi ya asali na unasikia krrr ya kwanza, toa kafetieri motoni mara moja, na uweke kitako chake juu ya kitambaa kilicholowa maji baridi. Mlio utakatika. Maji kidogo yatabaki chini. Hayo si hasara, ndiyo yale yangekuletea uchungu.

Kipimo cha unga

Jambo la pili ni namna kahawa inavyosagwa. Wengi wetu hatuna mashini ya kusaga. Tunatwanga katika kinu. Kinu hakina ubaya, lakini kinatoa vitu viwili pamoja: vipande vikubwa na vumbi laini kama unga wa fufu. Vumbi linatoa uchungu upesi na linaziba njia ya maji. Vipande vikubwa havitoi kitu, vinabaki na utamu wao ndani. Kwa hiyo unaweza kupata kikombe kimoja chenye uchungu na ukali wa ndimu wakati mmoja, na mtu anashindwa kueleza anachoonja.

Kahawa ya kafetieri hii inapaswa kuwa kama chumvi laini ya mezani. Shika kidogo kati ya vidole viwili na usugue. Ukisikia punje ndogondogo, ni sawa. Ikinata kwenye vidole na kubaki kama unga, imezidi ulaini. Ukiona vipande kama mchanga wa kujengea, bado.

Ukitwanga, tumia chekeche mbili. Ya kwanza iwe ile ya chai, yenye matundu makubwa kidogo: kinachobaki juu rudisha kwenye kinu. Ya pili iwe ile ya unga laini: kinachopita ni vumbi, liweke kando kwa kahawa ya kuchemsha katika sufuria. Kinachobaki juu ya chekeche ya pili ndicho cha kafetieri.

Jaza kikombe mpaka usawa wa ukingo, gonga kidogo pembeni ili kahawa ijilaze, pitisha kidole juu kusawazisha. Usishindilie na kijiko. Kafetieri ya vikombe vitatu inachukua karibu gramu 15 mpaka 17 za kahawa, na maji kama mililita 130 mpaka 150. Usipunguze kahawa kwa kujaza nusu ili kuokoa: maji yatapita upande wenye nafasi, na ladha itaharibika.

Kafetieri yenyewe inakuambia kama umekosea kipimo. Kama kahawa inachelewa sana, kiisha inatoka kwa kurukaruka, ao mvuke unatokea pembeni kwenye uzi wa kufungia, unga ni laini mno ao umeshindiliwa. Kama inatoka mbio, nyepesi, rangi kama chai, na mdomoni inauma kama ndimu isiyoiva, unga ni mkubwa mno. Kama haitoki kabisa, toa motoni na uache ipoe kabisa kabla ya kuifungua. Usijaribu kufungua chombo chenye mvuke ndani. Kiisha angalia kama vali haijazibwa na uchafu, kwa sababu vali ndiyo inayookoa chombo kisipasuke.

Ladha ya chuma: tazama majivu

Sasa tufike kwenye kile kilichomletea yule mama matata. Nilimuuliza mlinzi wa jiko: "Mama, hii kafetieri unaisafishaka na nini?"

Akajibu kwa furaha: "Na majivu na mchanga, Enjenieri, kila siku. Angalia vile inang'aa. Hata ndani."

Kweli iling'aa kama kioo, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Aluminiyumu ikikutana na hewa inajivalisha ngozi nyembamba sana, ngumu, isiyoonekana. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia chuma kugusana na kahawa. Majivu ya kuni yakichanganyika na maji yanafanya maji makali, ndugu ya magadi, na maji hayo yanakula ngozi ya aluminiyumu. Mchanga unamalizia kwa kuikwangua. Kwa sufuria ya maharagi mtu hawezi kutambua. Lakini kahawa ina ukali wake kama tunda, tena iko ya moto, na inapita kwenye chuma kilicho uchi. Basi inabeba ladha yake.

Nilimuuliza tena siku ile ya kuonja alisafisha saa ngapi. Alisema baada ya kilima cha kwanza na cha pili alisuuza tu na maji. Lakini mbele ya kilima cha tatu, aliona madoa meusi, akaisugua sana ili wakubwa wasione uchafu. Kahawa ya yule mama ndiyo iliyofuata.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Tia maji katika chumba cha chini, weka kikombe bila kahawa, na uyapitishe juu kama kawaida. Acha yapoe, kiisha yaonje kando ya maji yaleyale yaliyochemshwa katika sufuria unayoiamini. Tulifanya hivyo mbele ya komite yote. Maji ya kafetieri yalikuwa na ladha ya msumari bila hata punje moja ya kahawa ndani. Biro ilinyamaza.

Ladha ya chuma inaweza kutoka pia mahali pengine, nami ninataja mawili tunayoyaona sana. Maji yaliyotiwa dawa ya klore yanaleta harufu kama ya javeli. Yachemshe bila kifuniko kwa dakika chache mbele ya kuyatumia. Na kafetieri inayofungwa ikiwa na maji ndani inaota madoa na harufu. Tena mafuta ya kahawa yanayoshikamana na kichungi na duara ya mpira yanaoza na kunuka kama karanga za zamani. Watu wengine wanaiita ladha ya chuma pia, lakini pua inatofautisha.

Kuponya kafetieri iliyosuguliwa si kazi ngumu. Acha majivu, mchanga, javeli na sugulio la chuma. Pika kahawa ya zamani mara tatu, na umwage yote. Kuanzia pale, isuuze na maji ya moto na kitambaa laini tu, utoe duara ya mpira mara moja kwa juma na kuisafisha pamoja na kichungi, na uache sehemu zote tatu wazi mpaka zikauke. Ndani itakuwa ya kijivu bila kung'aa. Acha iwe hivyo. Kafetieri mpya nayo inaanzishwa vilevile: mara tatu za kwanza hazinywewi.

Namna tulivyotafuta kosa, moja kwa moja

Hatukubadilisha mambo yote kwa mara moja, kwa sababu usingejua ni lipi lililosaidia. Tulichukua kahawa ya yule mama, kafetieri ileile ya vikombe vitatu.

Mara ya kwanza tulipika kama walivyozoea: maji baridi, unga wa kinu usiochekechwa, mbabula kali, kungoja inyamaze. Ilitoka chungu sana, na chuma.

Mara ya pili tulibadilisha moto tu: maji ya moto, makala chache, kuitoa kwenye krrr ya kwanza. Uchungu ulipungua kwa sehemu kubwa. Chuma kilibaki.

Mara ya tatu tuliongeza unga uliochekechwa. Sasa ule ukali wa kushika ulimi ulikwisha, na watu walianza kusikia utamu kidogo nyuma. Chuma bado.

Kiisha tulipitisha kahawa ya zamani mara tatu na kuimwaga. Mara ya nne ya kuonja, kahawa ileile, moto uleule, unga uleule. Chuma kilikuwa kimepungua hata wengine hawakukisikia tena. Yule papa aliyesema mabati alionja mara mbili, akaweka kikombe chini, akamgeukia yule mama: "Mama, unisamehe. Ni sisi tuliipika mubaya."

Kwa kuonja daraja, tumieni kioo

Kafetieri ni chombo cha kunywa kahawa. Haifai kuhukumia fungu la mtu, kwa sababu moto, unga na chuma vyote vinasema ndani ya kikombe. Kwa kupanga daraja, tumieni glasi ao bakuli. Pimeni gramu 11 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 200 za maji, yaani glasi ndogo. Kwetu, kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu digrii 95, kwa hiyo mnaweza kuyamimina yanapotoka tu motoni. Ngojeni dakika nne, vunjeni utando wa juu na kijiko, toeni povu, kiisha muonje yanapopoa. Fanyeni glasi tano kwa kila fungu, zote kwa namna moja.

Tulifanya vile kwa vilima vyote vitatu. Fungu la yule mama lilitoka safi, bila chuma, na lilibaki katika daraja la kwanza.

Lakini glasi inaonyesha pia kile ambacho kafetieri haiwezi kuponya. Katika fungu la kilima kingine, glasi moja kati ya tano ilinuka kiazi kibichi. Hiyo ndiyo ladha ya kiazi tunayoijua hapa Kivu, Rwanda na Burundi, inayofuatana na matunda yaliyotobolewa na mdudu antestia. Hakuna moto wala chekeche itakayoitoa; inashughulikiwa shambani kwa kukata matawi na kupambana na mdudu, na kwenye stasio kwa kutenga matunda yanayoelea. Vilevile kahawa iliyoungua kwenye kikaango itabaki chungu hata ukiipika vizuri namna gani. Kama punje ziko nyeusi na zinang'aa mafuta, kosa lilifanyika mbele ya kufika kwenye kafetieri.

Kwa hiyo, kikombe kikitoka kibaya, anzeni na mlio wa mwisho, kiisha unga kati ya vidole, kiisha maji matupu yaliyopita katika kafetieri. Hizo ni dakika ishirini za kazi. Mama yule alikuwa amechuma, ameosha na kukausha kwa miezi. Alistahili dakika hizo ishirini mbele jina lake halijaandikwa kwenye daftari la daraja la pili.